Simu Kimya Jiddah: Laini ya Nyumbani Inapokataa Kushika Mtandao

Ndege imetua katika Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jiddah, abiria wamesimama wakingoja mlango ufunguliwe, na kila mmoja ameshawasha simu yake. Wengine wanapokea ujumbe wa kukaribishwa. Mmoja anatazama kioo ambacho hakina mstari hata mmoja wa mawimbi, ila maneno mawili ya Kiingereza: No service. Huku Mombasa, Malindi au Lamu, watoto na wajukuu wamekaa na simu mikononi wakisubiri lile neno la “tumefika salama,” nalo haliji.

Wasomaji wetu, hasa akina mama wanaosafiri na makundi ya umra, wametuuliza mara nyingi kwa nini laini inayofanya kazi vizuri nyumbani hufa ghafla ugenini, na kwa nini simu ya mwenzao wa chumba kimoja, mwenye laini ya kampuni ile ile, ikawa inalia. Tumeona tulieleze jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa dawa yake mara nyingi imo ndani ya simu yenyewe na haihitaji fundi.

Tuanze na yale yanayotukia tangu simu inapowashwa. Laini yako ina namba yake ya siri ambayo si ile unayowapa watu. Namba hiyo huanza na tarakimu za nchi, na kwa Kenya ni 639, kisha hufuata tarakimu za kampuni. Simu ikiwashwa Jiddah hutafuta kwanza minara ya kampuni ya nyumbani, na isipoipata husikiliza minara iliyopo. Saudia ina kampuni tatu kubwa zenye mitandao yao wenyewe, nazo ni stc, Mobily na Zain. Simu huchagua mmoja katika mitandao hiyo na kubisha hodi. Mtandao ule hutazama namba ya laini, ukaona ni ya Kenya, kisha huuliza Nairobi papo hapo: mtu huyu ni wenu, na je, mmemruhusu kutumia minara yetu? Daftari kuu la kampuni ya nyumbani likijibu ndiyo, jina la mtandao wa Saudia huonekana juu ya kioo, na simu iko tayari. Likijibu la, simu hufungiwa mlango.

Kwa hiyo ili laini ishike mtandao ugenini lazima mambo mawili yatimie. La kwanza ni mkataba baina ya kampuni ya nyumbani na ile ya ugenini, wa kuhudumiana wateja na kulipana. La pili ni ruhusa ya laini yako binafsi, yaani kampuni yako iwe imekufungulia huduma ya ugenini, ambayo wengi huiita romingi. Mkataba bila ruhusa haukusaidii, na ruhusa bila mkataba ni vivyo hivyo. Ndiyo maana wawili wenye laini za kampuni moja wanaweza kulala chumba kimoja, simu ya mmoja ikawa hai na ya mwenziwe imekufa.

Mikataba yenyewe ina ngazi. Kampuni mbili zaweza kukubaliana kuhusu simu za sauti na ujumbe mfupi kabla ya kukubaliana kuhusu intaneti. Tena, mteja anayelipa bili mwisho wa mwezi hufunguliwa milango kwa wepesi kuliko anayeweka vocha, kwa kuwa huyu wa vocha huhitaji kampuni ya nyumbani ikate salio lake dakika kwa dakika akiwa mbali, na mashine za pande zote mbili lazima ziwe zimeunganishwa kwa kazi hiyo. Basi mtandao mmoja wa Saudia waweza kumpokea mwenye bili na kumkataa mwenye vocha, ilhali mtandao wa jirani yake unawapokea wote wawili. Anayeuliza kabla ya safari na aulize hivi: “Laini yangu ni ya vocha. Ni mtandao upi wa Saudia utakaonipokea kwa sauti, na upi kwa intaneti?” Akiambiwa tu kwamba “huduma ipo,” asiondoke, jibu hilo halitoshi.

Sasa tuje kwenye swichi ambayo kila mtu huikimbilia. Ndani ya simu kuna kitufe kiitwacho Data roaming. Watu hukiwasha na kukizima mara kumi wakidhani ndicho kinachofungua mtandao. Sivyo. Kitufe hicho huamua jambo moja tu, kama simu itatumia intaneti ya laini ikiwa nje ya mtandao wake wa nyumbani. Kikiwa kimezimwa, jina la mtandao wa Saudia litaonekana, mawimbi yatakuwepo, simu italia ukipigiwa na ujumbe mfupi utaingia, ila WhatsApp itakaa kimya hadi upate waifai. Ikiwa juu ya kioo pameandikwa No service, kitufe hicho hakina kosa. Ruhusa iliyo katika daftari la kampuni ni kitu kingine kabisa, na haiwashwi kwa kidole ndani ya menyu ya simu.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wasomaji wasome maneno ya kioo kabla ya kugusa chochote. Mkiona jina la mtandao wa kigeni lakini intaneti haipo, tazameni Data roaming kwanza, kisha salio au kifurushi. Mkiona Emergency calls only, au SOS katika baadhi ya simu, maana yake simu inaiona minara vizuri ila haijakubaliwa kuingia. Hapo tatizo ni ruhusa, mkataba, au jambo la tatu tutakalolieleza hivi punde. Hata katika hali hiyo simu ya dharura hupigika, na kwa eneo la Makka na Jiddah namba ni 911. Mkiona No service peke yake, kwanza hakikisheni kwamba Airplane mode imezimwa na kwamba laini imekaa sawasawa katika kidau chake. Na simu ikiwa ya laini mbili, tazameni kama laini mnayoihitaji haikuzimwa katika menyu. Mambo hayo matatu ni madogo, lakini abiria aliyechoka huyasahau.

Tuueleze mkasa wa mama mmoja wa huku kwetu pwani, kwa kuwa ndani yake lile jambo la tatu linaonekana wazi. Mama huyu alisafiri na kundi la umra akiwa na simu ya Samsung na laini ya vocha ya kampuni tutakayoiacha bila jina. Nyumbani alikuwa ameweka salio la kutosha, na hakufanya jingine. Alipotua Jiddah kioo kikaandika Emergency calls only. Akaizima simu na kuiwasha, hali ikawa ile ile. Akafika hotelini Makka, akapata waifai ya pale, akampigia bintiye aliyeko Kisauni kwa WhatsApp.

“Mamangu, tulia,” bintiye akamwambia, “mimi nitaingia ofisini mwao niulize.” Saa za Saudia na za Kenya ni zile zile, basi hakukuwa na haja ya kungoja mchana. Ofisini akajulishwa kwamba laini ya mamake haikuwa imefunguliwa kwa huduma ya ugenini. Ikafunguliwa saa ile ile, naye akathibitishiwa kwamba iko tayari. Akampasha mamake habari, mama akatazama simu: bado Emergency calls only. Akaizima akaiwasha. Bado. Mwenzake wa chumba, mama wa Kilifi mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo, alikuwa akizungumza na wajukuu wake tangu asubuhi. Binti akarudi ofisini akiwa na hasira, akaambiwa kwamba upande wao hakuna kasoro. Na ni kweli, hapakuwa na kasoro.

Kilichotokea ni hiki. Pale uwanjani, kabla ruhusa haijafunguliwa, simu ya mama ilibisha hodi kwa mitandao yote mitatu, na yote ikamkataa. Laini hujifunza. Kila mtandao unaoikataa kwa jibu la “huruhusiwi kwetu” huandikwa katika orodha ndogo iliyomo ndani ya laini yenyewe, orodha ya milango isiyobishwa tena. Imewekwa hivyo kwa sababu njema, ili simu isipoteze chaji na kuisumbua minara kwa kuomba jambo ambalo limeshakataliwa. Orodha hiyo haina saa. Haijui kwamba mchana ule binti amekwenda ofisini na mlango umefunguliwa. Simu ikiwa katika hali ya kuchagua yenyewe, hupita mbele ya milango ile ile bila kubisha, kwa siku nyingi hata. Na kwa kuwa orodha imo ndani ya laini, kuizima simu na kuiwasha hakuifuti, wala kuihamishia laini katika simu nyingine hakusaidii, kwani orodha huhama nayo.

Kinachoondoa kizuizi hicho ni mkono wa mwenye simu. Unapouchagua mtandao mwenyewe, simu hulazimika kubisha hodi hata kama jina hilo limo katika orodha, na ikikubaliwa, jina hufutwa humo. Ndivyo bintiye alivyomwongoza mama jioni ile, akijua jambo hilo kutoka kwa nduguye anayefanya kazi Jiddah. Alimwelekeza aingie Settings, kisha Connections, kisha Mobile networks, kisha Network operators, na hapo azime kitufe cha Select automatically. Simu ikaanza kutafuta. Mama akalalamika kwamba imeganda. Haikuganda, utafutaji huo huchukua dakika moja hadi kadhaa, na anayebonyeza huku na huku huukata ukaanza upya. Mwishowe majina yakajitokeza. Akagusa la kwanza, likakataa. Akagusa la pili, likakataa. La tatu likakaa kidogo, kisha mistari ya mawimbi ikapanda, na ndani ya dakika ujumbe saba uliokuwa ukimngoja ukaingia kwa mfululizo, mmojawapo ukiwa wa benki yake.

Kwa wenye iPhone njia ni hii: Settings, kisha Mobile Service, ambayo katika simu nyingine huitwa Mobile Data au Cellular, halafu Network Selection, na hapo kitufe cha Automatic kizimwe. Menyu za simu za kampuni nyingine hutofautiana kidogo, lakini neno la kulitafuta ni Network operators au jina linalokaribiana nalo. Pengine badala ya majina mtaona tarakimu tupu. Msishtuke: 420 ni Saudia, na mbili zinazofuata ni za kampuni, hivi kwamba 42001 ni stc, 42003 ni Mobily na 42004 ni Zain.

Kuna jambo linalowakatisha watu tamaa katika hatua hii, nalo ni kukataliwa mara ya kwanza na mtandao ambao kwa hakika una mkataba. Kampuni za nyumbani huwa na mtandao zinaoupendelea katika kila nchi, kwa sababu ya bei nafuu walizokubaliana. Mteja akibisha hodi penginepo, kampuni yake yenyewe humrudisha mara moja, mbili au zaidi, ili aende kule inakopenda. Akikaza kuomba pale pale, au ule mtandao unaopendelewa ukiwa hauna mawimbi mazuri mahali alipo, mara nyingi mwishowe hukubaliwa. Basi mtu akikataliwa, apitie majina yote yaliyopo, kisha arudie tena mzunguko wa pili akiacha dakika moja moja katikati. Mtandao uliokataa mizunguko miwili mitatu, huku ruhusa ikiwa imethibitishwa, yaelekea hauna mkataba unaoihusu laini hiyo, na hapo hakuna menyu itakayoulazimisha.

Tukiri pia kwamba si kila safari ya kuchagua kwa mkono huleta matunda. Ikiwa ruhusa haijafunguliwa nyumbani, unaweza kugusa majina hayo usiku kucha na kila moja litakukataa. Ndiyo maana mpangilio wa binti ulikuwa sahihi: kwanza ofisi, kisha menyu. Angeanza na menyu, wangechoka bure.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni usumbufu, na kwamba heri kununua laini ya Saudia uwanjani. Kwa intaneti na kwa kuwapigia wenzako wa msafara, twakubaliana nao, kwani bei huwa nafuu zaidi. Lakini laini ile husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na wazee wetu ambao vidole vyao vimelainika kwa miaka ya kukuna nazi na kusuka ukili wakati mwingine husimama mbele ya mashine kwa muda mrefu isiwasome. Zaidi ya hayo, laini mpya haikuondolei haja ya ile ya zamani. Namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye namba ya Kenya, na programu iliyosajiliwa kwa namba hiyo, ikiwemo Nusuk inayotumiwa kupatia vibali vya umra na nafasi ya kuzuru Rawdha, yaweza kukutumia namba ya siri huko huko. Tunaona ni bora laini ya nyumbani iwe hai kwa ujumbe na simu za lazima, Data roaming ikiwa imezimwa, na intaneti itoke katika laini ya huko au waifai ya hoteli.

Jambo la gharama haliepukiki. Ukiwa ugenini, anayekupigia kutoka Mombasa hulipa kama kawaida, nawe unayepokea hulipia safari iliyobaki ya sauti. Mwenye vocha ambaye salio lake limekwisha aweza kuona jina la mtandao juu ya kioo na asipate simu hata moja, akadhani mtandao umekufa tena. Kabla ya kurudi kwenye menyu, na atazame salio kwanza. Na walio nyumbani wanaweza kumwekea vocha kutoka huku huku, ikamfikia Makka kama vile yuko Makadara.

Pia yatazameni majina katika kitabu cha simu kabla ya kuondoka. Namba iliyohifadhiwa kwa 07 haitafika Kenya ikipigwa kutoka mtandao wa Saudia, kwa kuwa mashine za kule huisoma kama namba ya kwao. Iandikwe kwa +254, sifuri ya mwanzo iondolewe, na itafanya kazi kote, hata hapa nyumbani. Bibi mwenye namba kumi za wanawe anaweza kubadilishiwa zote na mjukuu kwa robo saa.

Mwenye kutaka kujipima kabla ya safari na apite ofisini mwa kampuni yake siku tatu nne kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari, akaombe laini ifunguliwe na asiondoke hadi apate ujumbe wa kuthibitisha. Laini ikifunguliwa kabla ya kutua, ile orodha ya milango iliyokataa haipati sababu ya kujaa, na simu huingia yenyewe bila mtu kuigusa. Aandike pia katika karatasi jina la mtandao wa Saudia alioambiwa, kwa kuwa simu iliyokufa haiwezi kumsomea alichohifadhi mtandaoni.

Na siku ya kurejea, kabla ya kupanda ndege au mara tu ya kutua, kitufe cha kuchagua mtandao kirudishwe katika Automatic. Yule mama wa mkasa wetu alitua Moi, Mombasa, akiwa amesahau, na simu yake ikaendelea kuutafuta mtandao wa Saudia katikati ya minara ya kwao. Kioo kikaandika No service tena. Bintiye aliyekuwa amesimama nje na maua ya asmini akampigia mara nne bila kumpata, hadi walipokutana mlangoni na yeye mwenyewe akaichukua simu, akafungua Network operators, na kukirudisha kitufe mahali pake.